Hitaji jipya katikati ya sprinti: upime kila kitu, upime kipya tu, au ufuate namba inakokwenda?

Jumatatu ya wiki ya pili ya sprinti, yaani kipindi kifupi cha kazi ambacho timu hukipangia lengo lake, saa nne asubuhi mteja wetu wa Moshi alituma ujumbe wa sauti kwamba yuko njiani anakuja Arusha na ana jambo dogo. Ana kampuni inayopandisha wageni Mlima Kilimanjaro, nasi tulikuwa tunamjengea mfumo wa bukingi. Alipofika tukamsalimia, "Shikamoo mama," akaitikia, akaketi, akafungua daftari lake. "Wanangu, nina makundi ya Juni. Nimewaahidi mawakala kwamba kundi la watu wanane na kuendelea lina punguzo la asilimia kumi. Nataka mfumo uwe unalijua hilo Ijumaa mkiufungua."

Ijumaa ilikuwa siku ya mwisho ya sprinti. Mei ndiyo hiyo ilikuwa inaisha, mvua za masika zinakatika, na msimu wa kupanda ulikuwa mlangoni. Hakuwa anatuonea. Ahadi alikuwa ameshaitoa, na kila kundi lililobukiwa bila punguzo lingemrudishia lawama.

Mimi ndiye testa pekee katika timu ile. Nimeshapita hapa mara nyingi kiasi cha kujua kwamba swali la developa huwa ni "itachukua muda gani kuandika?", na jibu lake huwa fupi. Swali langu ni jingine: jambo hili likiingia, nirudi kupima nini katika vile nilivyokwisha kuvipitisha? Majibu yanayotumika kwenye timu ni matatu, na kila moja lina watu wanaolitetea kwa dhati. Nayalinganisha hapa kwa kutumia punguzo lile lile, kwa sababu yakijadiliwa hewani yote matatu yanasikika kuwa ya busara.

Tulichokuwa nacho mkononi

Kwanza hesabu ya muda, maana bila hiyo ulinganisho wote ni maneno. Mfumo ulikuwa na vipimo 214 vya rigresheni, yaani vile vinavyorudiwa kuhakikisha kwamba kilichokuwa kinafanya kazi bado kinafanya kazi. Kati yake 130 viliendeshwa na mashine kwa dakika 22. Vilivyobaki 84 ni vya mkono, na kwa wastani kimoja kilinichukua dakika 12, kwa hiyo vyote pamoja ni karibu saa 17. Madevelopa wawili walisema wanahitaji hadi Jumanne jioni kuandika punguzo. Nilibaki na Jumatano na Alhamisi. Siku ya kazi ya testa, ukitoa mikutano na maswali ya mezani, ina saa sita za kupima kweli. Jumla saa 12, na humo stori nyingine za sprinti, yaani kazi tulizokuwa tumezipanga, zilikuwa bado zinanidai saa nne. Punguzo lilikuwa na saa nane, basi.

| Njia | Muda kwa punguzo hili | Inachokamata | Kinachopita bila kuonekana |
|---|---|---|---|
| Kupima kila kitu | Karibu saa 20 | Karibu chochote kilichoharibika, hata usichokitarajia | Hali mpya ambazo vipimo vya zamani havikuziwazia |
| Kupima kipya tu | Saa 3 | Kosa ndani ya punguzo lenyewe | Kila kinachosoma bei baada ya punguzo |
| Kupima kwa athari | Karibu saa 8, na saa 2 za uchambuzi kando | Makosa kwenye njia ya bei | Kosa lililo nje ya njia uliyoichora |

Saa mbili za uchambuzi sikuzitoa kwenye zile nane. Zilifanyika Jumatatu hiyo hiyo mchana, madevelopa wakiwa wanaanza kuandika. Hilo ni la kuzingatia, kwa sababu timu nyingi hungoja msimbo ukamilike ndipo waulize umegusa nini, na saa zile mbili zinaangukia mahali pabaya.

Kupima kila kitu

Anayetetea njia hii huwa ameshaumwa na nyoka. Hoja yake ni kwamba huwezi kujua mapema mabadiliko yamefika wapi, basi pita kote. Kuna nyakati ana haki kabisa. Mdau akiomba jambo linalobadilisha namna watu wanavyoingia kwenye mfumo, au linalolazimu kupandisha toleo la maktaba ya msimbo ambalo kila ukurasa unalitegemea, au linalobadilisha muundo wa jedwali la wateja, hakuna kuchora njia. Athari iko kila mahali. Hapo nachagua kupima kila kitu na nasema wazi kwamba haiwezi kuwa Ijumaa.

Kwa punguzo la kundi njia hii ilishindwa kwa hesabu tu. Saa 20 ndani ya saa nane haziingii. Nimeona kinachotokea watu wanapolazimisha: testa anaanza kupima asubuhi kwa makini, ikifika saa tisa alasiri anabofya haraka, anaweka tiki. Mwisho una orodha yenye tiki 84 ambazo 30 za mwisho hazina maana, na hakuna anayejua ni zipi. Wigo mpana uliopimwa nusunusu ni mbaya kuliko wigo mwembamba uliopimwa kweli, kwa sababu ule mwembamba unakuonyesha ulipoishia.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa njia hii hulisahau. Vipimo vyote 214 viliandikwa kabla ya punguzo kuwepo. Siku ya Jumanne jioni madevelopa waliendesha vile 130 vya mashine, na vyote isipokuwa kimoja vikatoka kijani, yaani vikapita. Walifurahi. Nilifungua data ya vipimo vya bei nikakuta makundi ya watu wawili, wanne na sita. Hakukuwa na kundi hata moja la watu wanane au zaidi, isipokuwa kipimo kimoja cha kundi la watu kumi, na hicho ndicho kilichoshindwa. Kwa maneno mengine vipimo vingine vyote vya bei havikugusa punguzo kabisa. Kijani chake kilimaanisha tu kwamba makundi madogo hayajaharibika. Ni habari njema, lakini si habari tuliyokuwa tunaitafuta.

Na kile kimoja chekundu kilikuwa na hatari yake. Developa alikuwa tayari kubadilisha namba inayotarajiwa ilingane na iliyotoka. Nikamwomba angoje tuikokotoe kwa kalamu kwanza. Kipimo kinachoshindwa baada ya hitaji jipya kinaweza kuwa kimepitwa na wakati, au kinaweza kuwa kimekamata kosa, na kwa macho mambo hayo mawili yanafanana.

Kupima kipya tu

Hii ndiyo njia ambayo mdau anaidhani anaposema "ni kitu kidogo tu." Pima punguzo: weka watu saba, uone hakuna punguzo, weka wanane, uone lipo, weka tisa, maliza. Saa tatu.

Mahali pake pipo. Ukiongeza ripoti mpya inayosoma tu bila kuandika, au ukibadilisha maneno ya barua pepe, au ukiongeza ukurasa ambao hakuna kitu kingine kinachoutegemea, usimchoshe mtu na rigresheni ndefu. Swali la kupima nalo ni moja: kuna kitu kingine kinachosoma hiki ninachokibadilisha? Kama jibu ni hapana, na umelihakikisha, kipya tu kinatosha.

Kwangu mimi swali hilo nimejifunza kwa gharama. Miaka michache nyuma, kwa mteja mwingine, liliingia hitaji la bei ya mtoto katikati ya sprinti: mtoto alipe nusu. Developa alichukua njia ya mkato iliyoonekana nadhifu. Badala ya kuongeza safu ya bei ya mtoto, alihesabu mtoto kama 0.5 kwenye idadi ya watu. Nilipima bei. Watu wazima wawili na watoto wawili walilipa sawa na watu wazima watatu, kama ilivyotakiwa. Nikapitisha. Ila orodha ya vifaa vya safari nayo ilikuwa inasoma idadi ile ile ya watu. Familia ya watu wanne ikapangiwa mahema, magodoro na chakula cha watu watatu. Aliyegundua ni mpishi, kwenye kambi ya kwanza, jioni, mvua inanyesha. Bei ilikuwa sahihi kabisa. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu sikuuliza nani mwingine anaisoma namba ile.

Kupima kwa athari

Njia ya tatu inaanza na uchambuzi wa athari: unatafuta kila mahali ambapo mabadiliko yanafika, kisha unachagua vipimo vya mahali hapo tu. Kwa jina inafahamika. Kwa vitendo, ubora wake wote unategemea unavyotafuta, na hapa ndipo timu zinapotofautiana. Kuna wanaofuata msimbo na kuna wanaofuata namba. Sisi tulifanya yote mawili na nikaona tofauti yake waziwazi.

Kabla ya hapo tulimuuliza mama swali moja ambalo hakuna msimbo ungelijibu: asilimia kumi ya nini? Bei yake ilikuwa dola 1,850 kwa mtu. Ndani yake dola 950 zilikuwa ada za hifadhi, fedha anazozipokea na kuzipeleka hifadhini bila kubaki na kitu, na dola 900 zilikuwa huduma yake mwenyewe. Kundi la watu wanane ni dola 14,800. Punguzo juu ya bei yote ni dola 1,480. Punguzo juu ya huduma peke yake ni dola 720. Tulipomwandikia namba hizo mbili ubaoni alinyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ya kwanza nitakuwa nawalipia mimi hifadhini. Weka ya pili." Dola 760 kwa kila kundi zilikuwa zimejificha ndani ya neno "asilimia kumi". Kwa hiyo bei sahihi ya kundi la wanane ikawa 14,800 kutoa 720, yaani dola 14,080, na namba hiyo 14,080 ndiyo niliyoibeba siku zote zilizofuata kama mtu anavyobeba picha ya mtoto aliyepotea, nikiulizia kila mlango.

Wanaofuata msimbo huanza na kazi inayobadilishwa, yaani kile kipande cha msimbo chenye jina kinachofanya hesabu. Yetu iliitwa `hesabu_jumla`. Unauliza nani anaiita:

```
git grep -n "hesabu_jumla"
```

Ukiacha pale kazi yenyewe ilipoandikwa, majibu yalikuwa manne: fomu ya bukingi, ankara, barua pepe ya uthibitisho, na ukurasa wa malipo. Developa aliona orodha imekamilika. Ni orodha ya kweli, na kwa mfumo ulioandikwa na mtu mmoja mwenye nidhamu ingetosha. Tatizo ni kwamba inakuonyesha wanaoiita kazi hiyo. Haikuonyeshi wanaofanya hesabu ile ile bila kuiita.

Kwa hiyo tukageuza utafutaji. Badala ya jina la kazi, tukatafuta viungo vyake, yaani zile namba mbili ambazo bei inapikwa kutokana nazo:

```
git grep -nE "bei_mtu|idadi_watu"
```

Safari hii mistari ilitoka kwenye mafaili 11. Mengi yalikuwa hayana hatari: fomu inayoonyesha idadi ya watu, orodha ya wapagazi. Orodha ya wapagazi niliitazama mara mbili kwa sababu ya yule mpishi, lakini punguzo haligusi idadi ya watu, basi nikaiacha nje ya wigo nikiwa na sababu. Faili moja ndilo lililonifanya niite wenzangu waje. Ilikuwa ripoti ya mapato ya mwezi:

```sql
SELECT SUM(idadi_watu * bei_mtu) AS mapato
FROM bukingi WHERE mwezi = :mwezi;
```

Ripoti ilikuwa inazidisha yenyewe. Haikuwahi kuuliza jumla kwa mtu yeyote. Kabla ya punguzo, kuzidisha huko na `hesabu_jumla` vilitoa namba moja, na ndiyo maana hakuna kipimo kilichowahi kulalamika. Punguzo likiingia, ankara ya mgeni ingesema 14,080 na ripoti ya mapato ingesema 14,800. Hakuna kosa lingetokea kwenye skrini wala kwenye kumbukumbu za seva. Mhasibu angekaa mwisho wa mwezi anatafuta dola 720 ambazo hazijawahi kuwepo, na kwa msimu mzima zingezidishwa kwa idadi ya makundi.

Hiyo ndiyo sababu nachagua kufuata namba. Msimbo una jina la kuutafuta, lakini kanuni iliyonakiliwa mahali pawili haina jina la pamoja. Unaikamata kwa viungo vyake tu.

Hatua ya tatu haikuwa kwenye kompyuta kabisa. Nilimpigia dada anayekaa ofisi ya Moshi nikamuuliza, bei ikishatoka kwenye mfumo, wewe unaipeleka wapi? Akaniambia mambo mawili. Kwanza, mgeni akitaka kulipa kianzio cha asilimia 30 kwa M-Pesa, huwa anachukua bei ya mtu kwenye skrini, anazidisha kwa kikokotoo, anampa mgeni namba. Kianzio cha kundi letu kilipaswa kuwa dola 4,224. Kwa kikokotoo chake kingekuwa 4,440. Pili, kila Ijumaa anatoa faili la CSV na kulimwaga kwenye jedwali lake la Ekseli ambalo nalo lina fomula yake ya kuzidisha. Haya mawili hayakuwa na mstari hata mmoja kwenye ghala letu la msimbo, na bado yalikuwa kwenye njia ya namba. Kianzio tukakiweka kwenye skrini ili asikokotoe. CSV tukaiongezea safu ya jumla, na dada akabadilisha fomula yake siku ile ile tukiwa kwenye simu.

Mbona nasisitiza karatasi na simu? Kwa sababu kiasi cha kwenye ankara ndicho kinachoishia kwenye risiti ya EFD. Namba iliyo ndani ya mfumo wetu tunaweza kuirekebisha kwa mstari mmoja. Ikishatoka kwenye risiti ya kodi si yetu tena kuifuta kimyakimya.

Kutoka kwenye njia hadi kwenye wigo

Njia ikishachorwa, kuchagua vipimo hakuna ugumu. Nilichukua karatasi moja, nikaandika katikati "jumla ya kundi", nikachora mishale kwenda kila inakosomwa, na kando ya kila mshale nikaandika vipimo vyake. Kati ya vipimo 84 vya mkono, 23 viliangukia kwenye mshale. Kwa dakika 12 kila kimoja ni saa nne na dakika 36. Vipimo vipya vya punguzo vikawa tisa, na kwa kuwa vipya huenda polepole nilivipa dakika 20 kila kimoja: saa tatu. Jumla saa saba na dakika 36 ndani ya saa nane. Ilibana, lakini iliingia. Vile 130 vya mashine niliviacha viendeshwe vyote. Kuchagua kati yake kungenichukua muda mrefu kuliko zile dakika 22.

Watu huchanganya mambo mawili hapa, na silabasi ya ISTQB, ile ya vyeti vya utesta, inayatenganisha vizuri. Kupima tena kilichorekebishwa ili kuthibitisha kwamba kosa limeondoka ni kazi moja. Kupima vilivyo jirani ili kuona kama urekebishaji umeharibu kitu ni kazi nyingine. Ukipanga saa zako zote kwa ya pili, kosa la kwanza utakalolipata litakuvurugia ratiba, kwa sababu litahitaji kuthibitishwa na kuleta rigresheni yake ndogo. Mimi sikuwa na nafasi ya hilo, ila dakika 24. Hapo nilikuwa nimekosea mpango, na niliulipia Alhamisi jioni.

Katika vile tisa vipya, mipaka ya saba na wanane ilikuwa kama kupasha misuli kabla ya mechi. Makosa yalikuwa kwenye kubadilika. Kundi linabuki watu wanane, linalipa kianzio cha 4,224, halafu wiki moja baadaye mmoja anaumia goti na anajitoa. Saba hawana punguzo: saba mara 1,850 ni dola 12,950, kutoa kianzio wanabaki na 8,726. Mfumo ulisema wanabaki na 8,096. Nilikaa na tofauti hiyo ya 630 mpaka nikaitambua: ni asilimia kumi ya huduma ya watu saba, 900 mara saba. Punguzo lilikuwa linaamuliwa mara moja tu bukingi inapoundwa, kisha linabaki na bukingi milele kama kovu. Kinyume chake nacho kilikuwa kweli: kundi la saba likiongezeka mtu wa nane halikupata chochote.

Ukitaka kugundua aina hii ya kosa bila kuotea, chukua tofauti kati ya unachotarajia na kilichotoka, uigawanye kwa namba unazozijua. Tofauti ikigawanyika sawasawa kwa kiwango cha punguzo, karibu daima ni sharti lililopimwa wakati usio wake. Ikiwa ni senti mbili tatu, tafuta kukadiria desimali.

Kosa hili lisingeonekana kwa njia ya kipya tu jinsi watu wengi wanavyoifanya, maana punguzo lenyewe lilifanya kazi. Wala lisingeonekana kwa kupima kila kitu, kwa sababu kipimo cha zamani cha kupunguza watu kilianza na watu wanne. Lilionekana kwa sababu karatasi ilikuwa na mshale unaotoka "jumla" kwenda "kubadilisha bukingi", na mshale huo ulinilazimisha niandike kipimo ambacho hakikuwepo.

Na kuliacha je?

Kuna chaguo la nne ambalo si la testa, ila testa ndiye anayeleta ushahidi wake: hitaji lingoje, au liingie na kitu kingine kitoke. Mwongozo wa Skramu wa 2020, ule unaoeleza kanuni za sprinti, hauzuii hitaji jipya ndani yake. Unazuia mabadiliko yanayohatarisha lengo la sprinti, na unaruhusu wigo kujadiliwa upya na msimamizi wa bidhaa. Kwa hiyo anayesema "sprinti imefungwa, ngoja" hana kitabu nyuma yake, na anayesema "mteja kasema, weka" naye hana.

Msimamizi wetu wa bidhaa aliitazama karatasi ya mishale Jumatatu jioni na kuamua mambo mawili. Alitoa stori ya kupakia picha za pasipoti, kwa sababu ilikuwa haijaanzwa. Hilo ni muhimu kuliko linavyoonekana. Ukitoa stori ambayo nusu ya msimbo wake umeshaungwa, hujapunguza kazi. Umeongeza mabadiliko ya pili yanayohitaji uchambuzi wake. Chagua ya kutoa kutoka kwenye zile ambazo hakuna aliyezigusa, hata kama si nyepesi zaidi.

La pili, alikata punguzo katikati. Bukingi mpya zingelipata. Bukingi zilizokuwepo tayari hazingeguswa, na punguzo lote likae nyuma ya swichi inayoweza kuzimwa bila kutoa toleo jipya. Mama hakuipenda mara moja, kwa kuwa alikuwa na makundi matatu ya zamani. Tulimweleza kwamba kuyagusa ni kuandika upya kiasi kilichokwisha kulipwa na kutolewa risiti, na kwamba hapo sina saa za kupima. Akasema hayo matatu atayamaliza kwa mkono na mhasibu wake. Mwongozo wangu ni huo: hitaji linalokokotoa mambo yajayo linaweza kuingia katikati ya sprinti likiwa na wigo uliochorwa, hitaji linalobadilisha fedha zilizokwisha kuandikwa lisubiri, hata kama mstari wake wa msimbo ni mmoja.

Swichi ina gharama yake ya kupima pia. Ukiwa nayo una mifumo miwili, yenye punguzo na isiyo nalo, na lazima uone kwamba ikizimwa bei ya watu wanane inarudi 14,800 kwenye ankara na kwenye ripoti. Hicho kilikuwa kipimo cha tisa. Wengi hukiruka, na siku wanapoihitaji swichi wanagundua kwamba imezima upande mmoja tu.

Alhamisi jioni

Kosa la watu saba lilirekebishwa Alhamisi saa tisa alasiri. Kuthibitisha kulichukua dakika 20. Lakini urekebishaji uligusa kazi ya kubadilisha bukingi, na kazi hiyo ina mishale yake: kubadilisha tarehe, kubadilisha njia kutoka Marangu wanakolala kwenye vibanda kwenda Machame wanakolala kwenye mahema, kughairi. Vipimo vinane vya mkono, dakika 96, na mimi nilikuwa na saa moja. Nilipima kughairi na kubadilisha njia, kwa sababu hivyo viwili vinaandika fedha. Kubadilisha tarehe peke yake hakukupimwa.

Nikaandika hivyo kwenye taarifa ya toleo, kwa maneno ambayo mama angeyaelewa bila sisi kuwepo: "Kubadilisha tarehe ya kundi la watu wanane au zaidi hakujapimwa baada ya marekebisho ya leo. Mkibadilisha tarehe kabla ya Jumanne, linganisheni jumla na ankara ya kwanza." Msimamizi wa bidhaa akaisoma, akampigia mama simu mbele yangu, akamsomea. Mama akauliza kama Jumanne ni uhakika. Nikamwambia Jumatatu asubuhi ndiyo kazi yangu ya kwanza, vipimo vitatu, dakika 36.

Jumatatu nilivipima. Viwili vilipita. Cha tatu kilionyesha kwamba tarehe ikisogezwa kutoka Juni kwenda Julai, ripoti ya mapato inalihesabu kundi kwenye miezi yote miwili. Nilijaribu na kundi la watu wanne, likafanya vile vile, kisha nikarudi kwenye toleo la kabla ya punguzo na kulikuta kosa lile lile. Halikuletwa na hitaji la mama. Lilikuwepo siku zote, na likapata stori yake kwenye sprinti iliyofuata.